Wadaiwa 23 wa kufutwa: ukaguzi ulioanzia mwisho wa deni

Orodha niliyoletewa ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Wadaiwa 23, jumla shilingi milioni 186, na chini kabisa mistari mitatu ya kutia sahihi. Idara ya fedha ilitaka madeni hayo yafutwe kabla hesabu za mwaka hazijafungwa Desemba, na mkurugenzi mtendaji akasema yapite kwanza kwangu, mkaguzi wa ndani. Kampuni ni msambazaji wa vifaa vya ujenzi, nondo, bati, saruji na misumari, mwenye ghala kuu Dar es Salaam na tawi Morogoro linalohudumia maduka mpaka bonde la Kilombero. Jina lake silitaji, na tarakimu nimezizungusha kidogo ili mhusika asitambulike, lakini mtiririko wa mambo ni kama ulivyokuwa.

Programu ya kawaida ya ukaguzi wa wadaiwa huanza pale akaunti ya mteja inapofunguliwa. Unachukua sampuli ya fomu za maombi ya mkopo, unaangalia sahihi, unalinganisha kikomo cha mkopo kilichoandikwa kwenye fomu na kilichomo kwenye mfumo. Kisha unachukua sampuli nyingine ya ankara, nyingine ya stakabadhi, na mwisho sampuli ya madeni yaliyofutwa. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwenye kampuni hiyohiyo mwaka uliotangulia, na kila hatua ilipita vizuri. Ndicho kilichoniuma baadaye. Kila sampuli ilikuwa ya wateja tofauti, kwa hiyo sikuwahi kuona deni moja kuanzia kuzaliwa hadi kuzikwa.

Safari hii nikageuza. Deni linaloombwa kufutwa limepita milango yote: mtu alimkubali mteja, mtu akampa kikomo, mtu akaruhusu mzigo utoke, mtu akaenda kudai, na sasa mtu anasema halilipiki. Nikaamua kuchukua madeni yote 23 na kuyarudisha nyuma mlango kwa mlango.

Kumi na matatu sitayazungumzia sana. Yalikuwa madeni ya kweli yaliyoshindikana kweli: mkandarasi ambaye mradi wake ulisimama, duka lililoungua, kampuni mbili zilizofungwa, na mengine ya namna hiyo. Barua za madai zilikuwepo, na baadhi yalikuwa yameshafika kwa wakili. Kazi ilikuwa kwenye kumi yaliyobaki, nayo yalikuwa ya aina mbili zisizofanana hata kidogo.

Madeni tisa yaliyopungukia milioni mbili

Sera ya kampuni ilikuwa wazi. Deni lisilozidi shilingi milioni 2 linafutwa kwa sahihi ya meneja wa fedha peke yake. Kutoka hapo hadi milioni 20 ni mkurugenzi mtendaji, na zaidi ya hapo ni bodi. Nilipopanga orodha kwa ukubwa wa deni badala ya herufi za majina, tisa yalijikusanya mahali pamoja, kati ya milioni 1.7 na milioni 2, jumla yake milioni 16.9. Yote tisa ni ya tawi la Morogoro, na yote tisa ni ya ofisa mauzo mmoja, yule wa njia ya Mikumi, Kidatu, Mang'ula mpaka Ifakara.

Mkaguzi akiona kundi kama hilo chini tu ya mstari wa idhini, aandike swali, asiandike jibu. Inawezekana kikomo cha wateja wadogo wa njia ile ni milioni 2, na basi ni kawaida madeni yao kusimama hapo. Nilikagua. Vikomo vyao vilikuwa kati ya milioni 3 na milioni 6. Kwa nini basi mteja wa milioni 6 agome kulipa akiwa na deni la milioni 1.9, na wenzake wanane wafanye hivyohivyo?

Fomu za kuomba kufuta zilikuwa na sababu fupi. "Amehama." "Duka limefungwa." "Hapatikani kwa simu." Hakuna fomu iliyosema nani alikwenda kuangalia. Meneja wa fedha aliniambia waziwazi kwamba anategemea neno la ofisa mauzo, kwa sababu ndiye anayewafahamu wateja. Nikamuuliza kama barua za kuthibitisha salio zilitumwa mwaka jana. Zilitumwa, akasema, na zilirudi zote. Nilipoyafungua majalada nikaona zimerudi zote kweli, zimesainiwa, na kila moja ilikwenda na kurudi kwa mkono wa ofisa mauzo yuleyule. Uthibitisho uliopita mikononi mwa mtu unayemkagua hauthibitishi kitu. Barua inapaswa kutoka kwa mkaguzi na kurudi kwa mkaguzi, na pale posta ilipo dhaifu, mkaguzi aende mwenyewe au apige simu kwa namba aliyoitafuta nje ya jalada la mteja.

Nikaenda mwenyewe, na mwenzangu mmoja wa idara. Siku mbili, maduka sita kati ya tisa. Matatu hatukuyafikia kwa sababu ya barabara, na nitayarudia.

Duka la kwanza lilikuwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, la mama mmoja wa makamo. Kwenye orodha yetu alikuwa "amehama" na deni lake ni shilingi 1,940,000. Tulimkuta anapima misumari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmeniletea mzigo leo, au na ninyi mtaniambia nimefungiwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hajapewa mzigo kwa miezi saba. Nilimweleza taratibu kwamba vitabu vyetu vinaonyesha anadaiwa. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na bati la biskuti, akaniwekea mezani stakabadhi tatu za kuandika kwa mkono zenye nembo ya kampuni: 700,000, 640,000 na 600,000. Nilizijumlisha mara mbili pale pale. Ni 1,940,000, senti kwa senti.

Kati ya maduka sita, matano yalikuwa wazi na yanafanya biashara. Manne yalikuwa na stakabadhi, jumla milioni 7.3. La tano mwenyewe alisema alirudisha bati zilizokuwa na kutu, na dereva alizichukua, lakini hati ya kumpunguzia deni haikuandikwa kamwe. La sita lilikuwa limefungwa kweli kwani mwenyewe alifariki, na jirani zake walituonyesha mlango. Hilo nalisema kwa makusudi. Mkaguzi aliyekwishaanza kuona wizi hushawishika kuuona kila mahali, na hapa katika sita kulikuwa na deni moja halali la kufutwa na jingine ambalo ni uzembe wa makaratasi tu.

Namba za stakabadhi zote za wale wanne zilikuwa kati ya 4501 na 4550. Kwenye rejista ya vitabu vya stakabadhi, kitabu hicho kilikabidhiwa kwa ofisa mauzo, na miezi 14 kabla ya ukaguzi kiliandikwa "kimepotea", na taarifa ya upotevu ya polisi ikaambatishwa. Karatasi zilikuwa kamili. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wateja kwamba stakabadhi zenye namba hizo si halali, na mtu wa kumsimamisha ofisa asiendelee kupokea taslimu.

Namna fedha zilivyokwenda ilihitaji siku tatu za kulinganisha vitu vitatu: tarehe kwenye stakabadhi ya mteja, hati ya kuweka fedha benki, na akaunti iliyopunguzwa deni kwenye leja. Chukua zile 700,000 za mama wa Mang'ula. Siku mbili baada ya tarehe ya stakabadhi yake, benki ilipokea 700,000 kamili kutoka kwa ofisa mauzo. Kwa hiyo fedha ziliingia kampuni. Lakini kwenye leja ziliandikwa kuwa malipo ya mteja wa Kidatu. Mteja wa Kidatu naye alikuwa na stakabadhi ya mwezi mmoja nyuma, na fedha yake hiyo ndiyo iliyokuwa imeliwa. Shimo la Kidatu likazibwa kwa fedha ya Mang'ula, la Mang'ula likahitaji kuzibwa kwa fedha ya Mikumi, na kila mzunguko shimo liliongezeka kidogo kwa sababu alikuwa anaendelea kuchota.

Mchezo huu una dalili ambazo mtu anaweza kuziona akiwa ofisini kabla hajapanda gari. Mteja anayenunua kwa ankara za milioni moja na laki mbili anaanza kuonekana analipa kwa vipande visivyolingana na ankara yoyote. Siku kati ya stakabadhi na benki zinaongezeka. Malipo ya mteja yanaandikwa kwenye ankara mpya huku ya zamani imeachwa wazi. Na mchezo huu hauna mwisho wa kawaida, kwa sababu mtu hawezi kuziba shimo milele bila kwenda likizo. Lazima atafute mahali pa kulizika, na mahali panapofaa zaidi ni orodha ya madeni ya kufutwa, chini ya mstari ambao sahihi moja inatosha. Ndiyo maana hakuna lililovuka milioni 2.

Wakati wote huo, taarifa ya umri wa madeni ya wateja wale, ile inayoonyesha kila deni limekaa siku ngapi, ilionekana ya kawaida. Wizi ulianza kuonekana kwenye taarifa hiyo pale tu ofisa alipochoka kuzungusha na kuyaacha madeni yao yazeeke.

Deni la milioni 38.6 kwa mteja wa kikomo cha milioni 10

Deni la kumi lilikuwa la mwenye duka kubwa Ifakara, na hili lilikuwa njiani kwenda bodi. Kikomo chake cha mkopo kwenye fomu iliyosainiwa ni milioni 10. Kwenye mfumo pia ni milioni 10. Kila robo mwaka idara ya fedha hulinganisha fomu na mfumo, na kila robo vililingana. Basi amefikaje milioni 38.6?

Jibu halikuwa kwenye kikomo cha leo. Lilikuwa kwenye historia ya mabadiliko ya kikomo, ambayo mifumo mingi ya uhasibu huitunza lakini watu wachache huifungua. Niliomba wa teknolojia wanitolee mabadiliko yote ya miezi 12, kisha nikatafuta vikomo vilivyopanda na kurudi palepale ndani ya siku tatu:

```sql
SELECT a.mteja, a.wakati AS kilipanda, b.wakati AS kilishuka,
       a.kikomo_awali, a.kikomo_kipya, a.mtumiaji
FROM mabadiliko_kikomo a
JOIN mabadiliko_kikomo b ON b.mteja = a.mteja
 AND b.kikomo_kipya = a.kikomo_awali
 AND b.wakati > a.wakati
 AND b.wakati <= DATEADD(day, 3, a.wakati)
WHERE a.kikomo_kipya > a.kikomo_awali;
```

Ilitoka mistari 17. Mmoja ulikuwa wa Ifakara: Ijumaa moja katikati ya Machi, saa 17:42, kikomo kilipandishwa kutoka milioni 10 hadi milioni 40. Jumatatu saa 08:05 kilirudishwa milioni 10. Ulinganisho wa robo mwaka usingeweza kukiona hata ungefanywa kwa uangalifu wa kiasi gani.

Mteja siku ile alikuwa na salio la milioni 9.4. Jioni ile aliandikiwa ankara ya nondo na bati ya milioni 21.2, salio likawa milioni 30.6. Jumanne akaleta hundi ya milioni 30 yenye tarehe ya mwisho wa Mei, miezi miwili na zaidi mbele. Mhasibu wa tawi aliiingiza siku hiyohiyo kama malipo. Salio kwenye mfumo likashuka hadi laki 6, na mteja akaonekana mtu safi mwenye nafasi ya milioni 9.4 chini ya kikomo chake. Wiki iliyofuata alichukua mzigo wa milioni 8, na safari hii mfumo uliruhusu wenyewe bila mtu yeyote kugusa chochote. Salio milioni 8.6. Ripoti ya mwisho wa mwezi ya wateja waliovuka kikomo haikumtaja.

Hundi ilirudi Juni, akaunti haikuwa na fedha. Milioni 8.6 na milioni 30 ni milioni 38.6.

Watu wengi waliosoma ripoti yangu walishika lile la Ijumaa jioni, kwa sababu lina harufu ya siri. Mimi naona hundi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kupandisha kikomo kulifungua mlango kwa siku tatu tu, lakini kuhesabu hundi ya tarehe ya mbele kama fedha kuliufuta ushahidi kwa zaidi ya miezi miwili na kuruhusu mzigo mwingine juu yake. Hundi ya namna hiyo ni ahadi. Ikae kwenye rejista yake, na salio la mteja lisipungue mpaka benki ithibitishe. Nilipopekua droo ya mhasibu wa tawi nilikuta hundi nyingine sita za wateja wengine ambazo tarehe hazijafika na madeni yake yalishaondolewa kwenye leja.

Kuna jambo jingine lililotokea Juni ambalo karibu linipite. Hundi iliporudi, mhasibu aliirudisha milioni 30 kwenye akaunti kama deni jipya la tarehe ya kurudi. Mwisho wa Juni, kwenye taarifa ya umri wa madeni, fedha hizo zilikuwa kwenye safu ya siku 0 hadi 30, wakati ankara zenyewe zilikuwa zimeshapita siku 90. Kampuni inatumia IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu ambayo tangu 2018 inataka hasara tarajiwa ya wadaiwa ikadiriwe kwa maisha yote ya deni, na kwa kampuni za biashara hii hufanywa kwa jedwali la asilimia kwa umri. Jedwali lao lilikuwa asilimia 1 kwa deni bichi na asilimia 15 kwa lililovuka siku 90. Tengo la hasara, yaani kiasi kinachotengwa kwenye hesabu kwa deni linalohofiwa kutolipwa, likawa laki 3 badala ya milioni 4.5. Hundi ikirudi, ankara za zamani zifunguliwe upya kwa tarehe zake za awali. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua kila hundi iliyorudi kwenye taarifa ya benki, uende kuangalia deni lake limesimama safu gani.

Mtumiaji alikuwa likizo

Historia ilionyesha kwamba mabadiliko yote mawili yalifanywa kwa akaunti ya ofisa mikopo wa makao makuu. Ingekuwa rahisi kuandika jina lake na kufunga jalada. Kabla sijamwita, niliomba daftari la likizo kutoka utumishi. Wiki ile ya Machi alikuwa likizo ya mwaka, Songea kwa wazazi wake.

Tulizungumza ofisini kwangu, mlango wazi, na mwenzangu akiwa shahidi.

"Dada, nimeona jina lako kwenye mfumo tarehe hii. Na nimeona ulikuwa likizo. Nisaidie kuelewa."

Alinyamaza kwanza. "Nilimwachia meneja mauzo neno la siri. Nilimwambia ni kwa ajili ya kufungua oda za wateja waliokwama tu. Kaka, hakuna mtu aliyekuwa amekaimishwa nafasi yangu. Ningefanyaje, wateja wakae wiki mbili bila mzigo?"

Alikosea, na niliandika hivyo. Lakini niliandika pia kwamba kampuni ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kufungua oda iliyozuiwa na haikumteua msaidizi. Ukimpa mtu mmoja ufunguo wa ghala lote kisha ukamruhusu aende likizo, ufunguo utabaki kwa mtu.

Meneja mauzo hakukana. Alisema mteja wa Ifakara ni wa siku nyingi, alikuwa anajiandaa kwa msimu, na maduka ya bonde lile hulipa wakulima wakivuna mpunga katikati ya mwaka. Hapo hakuwa anasema uongo. Vikomo na muda wa siku 30 vya kampuni vilitungwa Dar es Salaam kwa wateja wa Dar es Salaam. Mwenye duka Ifakara anayeuza bati kwa mkulima wa mpunga hawezi kulipa ndani ya siku 30 mwezi Machi. Njia halali ilikuwa kuomba kikomo cha msimu, chenye dhamana na tarehe ya kwisha, kwa sahihi ya mkurugenzi. Lakini njia hiyo haikuwemo kwenye sera, na kamisheni ya meneja ilikuwa inalipwa mara ankara inapotoka, iwe imelipwa au haijalipwa. Ankara ile ya milioni 21.2 ilimwingizia kamisheni mwezi huohuo, na hundi iliporudi hakuna aliyemdai arudishe.

Kupima ankara zote badala ya sampuli

Baada ya hapo sikuwa na imani na sampuli. Nilichukua ankara zote za mkopo za miezi 12, 5,840, nikajenga upya salio la kila mteja dakika moja kabla ya kila ankara, nikaongeza ankara yenyewe, na kulinganisha na kikomo kilichoidhinishwa kwenye fomu, siyo kilichokuwa kwenye mfumo saa ile. Hundi za tarehe ya mbele niliziondoa kwenye malipo. Na nilihakikisha ninalinganisha kiasi chenye kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu baadhi ya maofisa walikuwa wakipima oda kwa bei isiyo na kodi. Oda ya milioni 9 ikiongezwa asilimia 18 ni milioni 10.62, nayo imeshavuka kikomo cha milioni 10.

Ankara 412 zilivuka. Kati ya hizo 111 hazikuwa na idhini yoyote, na karibu zote zilianza kama mauzo ya taslimu, ambayo mfumo hauyapimi dhidi ya kikomo, kisha zikabadilishwa kuwa mkopo kesho yake pale fedha ilipokosekana. Zamani tungeiita mali kauli: chukua mzigo, tutaonana. Tofauti ni kwamba mali kauli ilikuwa kati ya watu wawili wanaofahamiana, na hapa mwenye mali hakujua kuwa amekopesha.

Ankara 301 zilikuwa na idhini. Mkaguzi angeweza kuishia hapo. Nilichofanya ni kuomba daftari la geti, lile la mlinzi anayeandika namba ya gari na saa ya kutoka. Ankara 64 ziliidhinishwa baada ya lori kuwa limeshatoka, nyingine kwa saa tatu, nyingine kwa siku mbili. Sahihi ilikuwepo, mwenye mamlaka alikuwa ndiye, lakini hakuwa na la kuamua tena. Idhini iliyokuja nyuma ya lori niliihesabu kuwa haipo. Meneja wa ghala alilalamika kwamba ninategemea mwandiko wa mlinzi kuliko mfumo wa kompyuta. Ndiyo. Mlinzi yule hakuwa na kamisheni.

Kilichoamuliwa

Kikao cha kamati ya ukaguzi kilichukua saa tatu, na sehemu kubwa ilikuwa kubishana juu ya milioni 38.6. Meneja wa fedha alitaka lifutwe ili hesabu ziwe safi. Niliomba jalada la mdaiwa. Lilikuwa na nakala ya hundi na ujumbe mbili za simu zilizochapwa. Hapakuwa na barua ya madai, hapakuwa na notisi ya wakili, na hakuna aliyekwenda Ifakara tangu Juni. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtaka mwenye kudai awe amechukua hatua zote za maana za kudai, na awe na sababu ya kuamini kwamba hatalipwa, kabla deni halijahesabiwa kuwa limepotea. Kwa jalada lile kampuni ingepoteza fedha na nafuu ya kodi pia. Isitoshe, madai ya mkataba kisheria yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita, na hapa ilikuwa haijatimia hata mwaka. Kutenga hasara kwenye hesabu ni jambo moja, na hilo lifanyike kikamilifu. Kufuta ni kusema tumemaliza kudai.

Kamati ilikubali yale 13 yafutwe kwa masharti kwamba yaingie kwenye rejista ya madeni yaliyofutwa, ili mdaiwa akirudi na fedha siku moja zijulikane zinakwenda wapi. La marehemu lilikubaliwa pia. Yale manne yenye stakabadhi yaliondolewa kwa wateja na kuhamishiwa kwa ofisa mauzo, ambaye alisimamishwa na suala lake likapelekwa polisi. Mwenye bati za kutu aliandikiwa hati ya kupunguziwa deni. Matatu ambayo hatukuyafikia niliomba yabaki kwenye leja mpaka mtu asiye wa mauzo ayafikie. Meneja wa fedha aliona ninachelewesha, nami nilikubali kwamba ninachelewesha.

Kuhusu taratibu, mambo yaliyobadilika mwezi uleule yalikuwa machache. Mteja sasa hupata ujumbe wa simu kutoka makao makuu kila malipo yake yanapoingizwa, na namba ya simu hubadilishwa na idara ya fedha peke yake. Hundi haipunguzi deni mpaka ifike benki na kuiva. Kikomo hakibadiliki bila watu wawili, na historia yake huja kwangu kila Ijumaa, pamoja na ile iliyobadilishwa baada ya saa za kazi. Kamisheni hulipwa fedha ikishapokelewa. Hili la mwisho lilileta kelele kubwa zaidi kuliko la polisi, na maofisa mauzo wawili waliacha kazi.

Mama wa Mang'ula alipelekewa barua ya kusafisha akaunti yake na mzigo wa kwanza baada ya miezi tisa. Mteja wa Ifakara aliandikiwa notisi na wakili, akaja mwenyewe Morogoro baada ya wiki mbili na kukubali kulipa kwa mafungu mpaka baada ya mavuno yaliyofuata. Mara ya mwisho nilipoifungua akaunti yake alikuwa amelipa milioni 14.5. Milioni 24.1 zilizobaki zilikuwa kwenye safu ya zaidi ya siku 90, kwa tarehe zake za awali, na tengo lake la hasara limekamilika.